Kugonga na Kufyatua: Namna ya Kusawazisha Noti za Legato kwenye Gitaa

Mpigaji gitaa akisikia noti zake za kugonga zinatoka hafifu kuliko zile alizozipiga kwa piki, jambo la kwanza analofanya ni kuongeza nguvu kwenye kidole. Hugonga kwa kishindo, huvuta uzi kwa ukali, na baada ya wiki chache anajikuta na mkono uliokakamaa na noti zilezile zisizolingana, safari hii zikiwa na kelele juu yake. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Hoja yangu ni kwamba usawa hupimwa kwa tofauti iliyopo kati ya noti moja na nyingine, na mara nyingi noti yenye kosa ni ile iliyotangulia, ile ya piki, ambayo ilipigwa kwa nguvu kupita kiasi ambacho mkono wa kushoto unaweza kuitikia. Ukilikubali hilo, mpangilio mzima wa mazoezi unageuka: kwanza unajua mkono wa kushoto unaweza kutoa sauti kiasi gani bila kujikaza, halafu piki ndiyo inayojipima kwake. (Ninaposema mkono wa kushoto ninamaanisha ule ulio kwenye shingo ya gitaa, wenye kupiga kwa kushoto wageuze.)

Mbinu zenyewe ni mbili. Hama-oni ni kukishusha kidole juu ya uzi ambao tayari unalia, kwa kasi ya kutosha kuufikisha kwenye freti, ili noti ya juu zaidi itoke bila piki kuugusa uzi. Puli-ofu ni kinyume chake: kidole kilichoshika noti ya juu kinaondoka kwa kuukwaruza uzi kidogo, noti ya chini inalia, na kidole kingine kiko pale kimekwisha kuishika. Nitaziita kugonga na kufyatua. Katika mwongozo huu wote tutatumia mfano mmoja mdogo kwenye uzi wa tatu, ule wa G: kidole cha shahada freti ya 5, ambayo ni noti ya C, na kidole cha pete freti ya 7, ambayo ni D. Piki inapiga C, kidole cha pete kinagonga D, kisha kinafyatua kurudi C. Noti tatu, pigo moja la piki. Mfano ni mdogo kwa makusudi, kwa sababu kila kosa la mbinu hizi linaonekana humo, na kipande kirefu kingelificha tu.

Ushahidi wa hoja yangu unaweza kuupata wewe mwenyewe kabla hujafanya zoezi lolote. Shika C kwa shahada, piga uzi kwa piki kwa nguvu, kisha endelea kugonga na kufyatua mfululizo kati ya freti ya 5 na ya 7 bila kutumia tena mkono wa kulia. Hii ndiyo trili. Utasikia sauti ikianza kubwa, ikishuka upesi, halafu ikitulia kwenye kiwango fulani na kubaki hapohapo muda wote ambao vidole vinaendelea. Sasa fanya tena, ila usitumie piki kabisa. Anza kwa kugonga tu uzi ulionyamaza. Safari hii sauti inaanza ndogo, inapanda kidogo, inatulia. Linganisha vituo viwili hivyo, utakuta ni kimoja. Sababu yake ni rahisi: kila kugonga na kila kufyatua huongeza nguvu kidogo kwenye uzi, na uzi nao hupoteza kidogo kati ya noti na noti, hadi kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Nguvu ya piki ya mwanzo huwa imekwisha kuliwa zamani. Kiwango hicho ndicho sauti ya asili ya mkono wako wa kushoto kwa gitaa hilo na nyuzi hizo. Kama piki yako inapiga juu yake mara mbili au tatu, hakuna noti ya kugonga itakayolingana nayo, hata ukijitahidi vipi.

Kabla ya kuigusa piki, hata hivyo, ni haki kuhakikisha kwamba kiwango hicho cha mkono wa kushoto hakishushwi na uzembe. Kwa upande wa kugonga, mambo mawili ndiyo yanayoamua: mahali kidole kinapotua na kasi ya kutua. Mahali sahihi ni nyuma kabisa ya freti, karibu kiasi kwamba ncha ya kidole inakaribia kukigusa chuma bila kukipanda. Kidole kikitua katikati ya nafasi, au karibu na freti ya nyuma, sehemu kubwa ya shinikizo lake huishia kwenye ubao na kwenye freti ya nyuma, na uzi haukazwi sawasawa pale unapotakiwa kukatwa. Matokeo yake ni noti inayokereza, au inayochelewa kutoka kwa sekunde ndogo sana lakini yenye kusikika. Jaribu kugonga mara moja kwa ukali katikati ya nafasi na mara nyingine kwa wepesi ukingoni mwa freti. Kugonga kwepesi kutashinda kwa usafi, na mara nyingi hata kwa ukubwa. Kasi nayo isichanganywe na nguvu. Kinachousukuma uzi ni mwendo wa kidole wakati kinapoufikia. Shinikizo linaloendelea baada ya hapo halina kazi ila kuishikilia noti, na kuishikilia noti karibu na freti kunahitaji kidogo sana. Kwa hiyo kidole kishuke kutoka kwenye kifundo chake kikubwa, kile kinachokiunganisha na kiganja, kikiwa kimepinda, kutoka kimo cha sentimita 1 au 2 tu, na kikishatua kilegee mara moja hadi shinikizo dogo linaloitunza noti. Kidole kinachoinuliwa juu sana kwa matumaini ya kuongeza kishindo hupoteza shabaha, na mahali pa kutua ndipo paharibikapo kwanza.

Kufyatua ndiko kunakowatesa wengi, na kosa lake kubwa hutokea kabla kidole hakijaondoka. Shahada lazima iwe imekwisha kukaa freti ya 5, imeibonyeza noti ya C kikamilifu, wakati D bado inalia. Kama inakimbilia pale baada ya kidole cha pete kuondoka, utasikia uzi mtupu ukichungulia katikati, ile G ya uzi wenyewe, au utasikia tu mlio uliokufa. Namna ya kujipima ni kusimama kwenye D, kuangalia mkono, na kuuliza: nikikiondoa kidole cha pete sasa hivi bila kufanya lolote jingine, C italia? Kama jibu ni hapana, tatizo lako ni maandalizi, na mazoezi ya nguvu hayatalifikia. Jambo la pili ni mwelekeo. Kidole kinachoinuka wima kutoka kwenye uzi hakiusukumi. Kinauacha tu, na noti inayobaki ni mabaki ya mtikisiko wa awali. Kinatakiwa kwenda kidogo kuelekea kiganja, yaani upande wa sakafu, ili ngozi ya ncha iushike uzi na kuuachia, kama vile piki ndogo. Kidogo, narudia. Ukikivuta mbali, mambo mawili yatakushtaki. Kwanza D itapanda sauti kabla ya kuondoka, maana uzi umevutwa pembeni na kukazwa, na sikio litasikia noti ikilia kama paka. Pili, kidole kitaangukia uzi wa pili na kuufanya ulie. Kosa la kwanza linapunguzwa na shahada kuushikilia uzi usiteleze kufuata mvuto. La pili linapunguzwa kwa kuilaza shahada kidogo ili upande wake wa chini uguse uzi wa pili na kuunyamazisha. Kidole cha pete kinaweza hata kuishia kupumzika juu ya uzi huo wa pili uliokwisha kunyamazishwa, hakuna ubaya.

Sasa ndipo piki inaingia. Rudia trili bila mkono wa kulia hadi kiwango chake kitulie masikioni, kisha simama, na mara moja piga C moja kwa piki ukijaribu kuipata kwa ukubwa uleule. Karibu kila mtu hupiga kubwa mno mara ya kwanza. Punguza. Shika piki ncha ikiwa fupi nje ya vidole, iinamishe kidogo ili iteleze juu ya uzi badala ya kuugonga bapa, na isogeze kuelekea shingo, mbali na daraja, ambako mlio ni mnene na usio na ncha kali. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu sikio halipimi ukubwa peke yake. Piki huanza noti kwa mkwaruzo mkali ambao kidole hakiwezi kuutoa, na hata noti mbili zenye ukubwa sawa huonekana hazilingani kama moja ina ncha na nyingine haina. Ukilainisha mwanzo wa noti ya piki, pengo linapungua kutoka pande mbili kwa pamoja. Kisha unganisha: C ya piki, D ya kugonga, C ya kufyatua, zote kwenye kiwango kile cha trili. Zikishalingana huko chini, ndipo unapoweza kupandisha zote, piki na mkono wa kushoto, hatua ndogo ndogo, na kusimama pale ambapo mkono unaanza kukaza. Hapo ndipo mpaka wako wa leo ulipo.

Kuna pingamizi la haki hapa: nikipunguza piki si nitapotea kabisa katikati ya ngoma na besi? Kwa gitaa la umeme jibu ni rahisi, kwa kuwa ukubwa wa mwisho huamuliwa na amplifaya. Ukipunguza piki, ongeza kitasa. Kwa gitaa kavu lisilo na maiki pingamizi lina nguvu, na sitalipinga kwa maneno matupu. Pale ambapo wimbo unakutaka upige kwa nguvu zako zote bila msaada wa umeme, kugonga na kufyatua si chombo cha kufaa, na noti zile zipigwe kwa piki moja baada ya nyingine. Kuijua mbinu ni pamoja na kujua mahali pa kuiacha.

Pingamizi la pili linakuja kutoka kwa wapigaji wa mtindo wa roki: kwa nini kuhangaika wakati distoshen inasawazisha kila kitu? Ni kweli kwamba distoshen hukata vilele vya sauti, hivyo noti kubwa na ndogo hutoka zikikaribiana, na noti hudumu zaidi kabla ya kufifia. Mwingereza Allan Holdsworth, aliyefariki mwaka 2017 na ambaye legato yake imeigwa na wengi, hakuupenda mlio wa uzi unaovutwa pembeni; yeye aliegemea kugonga na kuinua kidole kwa wepesi. Lakini njia yake inategemea gitaa lenye nyuzi laini na za chini, pamoja na amplifaya yenye sauti ya kudumu. Anayepiga gitaa la klasiki hana vitu hivyo, na Andrés Segovia alichapisha mazoezi mahususi ya kuunganisha noti kwa vidole vya kushoto. Na anayepiga solo katika bendi ya dansi au rumba yuko karibu zaidi na huyu wa klasiki kuliko na Holdsworth, kwa sababu gitaa la solo huko kwa kawaida huwa na sauti safi inayoanika kila kasoro. Tena distoshen husawazisha ukubwa tu. Noti iliyokuja mapema itabaki mapema, na uzi wa pili uliolia kwa bahati mbaya, ambao kwa sauti safi ungekuwa mnong'ono, sasa utalia kwa ukubwa karibu sawa na noti yenyewe. Jifunze kwa sauti safi, halafu ongeza distoshen kama ladha.

Hilo la noti kuja mapema linastahili nafasi yake, maana watu husema "hazilingani" wakimaanisha ukubwa kumbe wanachosikia ni wakati. Mkono wa kulia umezoea kuhesabu. Vidole vya kushoto huanguka vinapojisikia, na desturi yao ni kuwahi. Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika na upige mfano wetu mara moja kwa kila pigo, noti tatu zigawane sekunde sawasawa, kila moja theluthi yake. Kosa la kawaida ni C na D kubanana mwanzoni, kisha C ya mwisho kurefuka kungojea pigo lijalo. Lisikie kwa kurekodi: piga kwanza noti zote tatu kwa piki kwa mizunguko kadhaa, kisha mizunguko mingine kwa kugonga na kufyatua, halafu sikiliza rekodi ya simu ikichezwa kwa nusu ya mwendo. Sehemu ya kwanza ndiyo kipimo cha ya pili. Ukiwa na kompyuta, programu ya bure ya Audacity itakuonyesha mwanzo wa kila noti kama kilele kwenye mchoro, na utaona kwa macho kama vilele viko umbali sawa. (Urefu wa vilele usiuamini sana, mkwaruzo wa piki huchora kilele kirefu hata pale sikio linaposikia noti zimelingana.)

Dawa ya kuwahi ni kuuhamisha mfano ili noti ya kugonga ndiyo iangukie pigo la metronomu. Piga C kabla ya pigo kidogo, D igonge pamoja na mlio wa metronomu, kisha C ya kufyatua ifuate. Sasa kidole cha pete hakina pa kujificha: kikiwahi, utasikia milio miwili, wake na wa metronomu, kikitua pamoja nao, mlio wa metronomu unaonekana kumezwa na noti. Ukishaipata D, sogeza tena ili C ya kufyatua ndiyo iangukie pigo. Mizunguko michache ya kila namna hufundisha zaidi ya saa nzima ya kupanda na kushuka skeli, kwa sababu kwenye skeli noti za piki hukaa kwenye pigo na noti za kushoto hukaa katikati, mahali ambapo hakuna anayezikagua. Usiende polepole kupita kiasi ukidhani ndiyo salama. Kwa mapigo 40 noti ya piki hufifia sana kabla D haijagongwa, hasa kwenye gitaa kavu, na utajikuta unagonga kwa nguvu kufidia kile kilichopotea, tabia itakayokufuata hata ukiongeza kasi. Kati ya 60 na 80 panatosha kuanzia.

Kuna wanaosema kwamba noti ya pili katika jozi iliyounganishwa inatakiwa kuwa dhaifu, kwamba huo ndio uzuri wake: nzito, nyepesi, kama mtu anavyotamka neno. Wana hoja, na katika muziki mwingi wa klasiki huo ndio usomaji unaokubalika. Ila wepesi wa kuchagua na wepesi wa kushindwa havisikiki sawa. Aliyechagua hutoa wepesi uleule kila mara jozi inaporudi. Aliyeshindwa hutoa jozi moja nyepesi, inayofuata imekufa, ya tatu ina kishindo. Pata kwanza usawa, kisha uuvunje utakavyo.

Mfano wetu ukishakaa vizuri, upeleke kwenye nyuzi nyingine na jozi nyingine za vidole, na usishangae kiwango cha trili kikibadilika. Uzi wa kwanza ni mwembamba na hauna uzi mwingine wa kuzuia kidole upande wa sakafu. Kufyatua ni rahisi lakini ni rahisi pia kuuvutia nje ya ubao. Uzi wa sita ni mzito na unahitaji kasi zaidi. Kila mahali tafuta kiwango kipya kwa trili, kisha upime piki kwake. Karibu na kichwa cha gitaa, kama kugonga freti ya 1 au ya 2 ni kugumu ajabu huku freti ya 7 ikiitika bila shida, kagua nati: huenda imeziinua nyuzi mno, na hiyo ni kazi ya fundi. Nyuzi zilizokufa kwa kutu na jasho nazo hufifia haraka na kuufanya mkono wako uonekane mvivu bure.

Jozi ngumu kuliko zote ni ya kidole cha pete na mwanandole, kwa kuwa kano zinazoviinua vidole hivi viwili zimeungana kwa sehemu mgongoni mwa mkono na kimoja hukivuta kingine. Hapa mazoezi husaidia kwa kiasi, lakini hayazikati kano hizo. Maumivu kwenye kiungo au mgongoni mwa mkono ni ishara ya kusimama kwa siku hiyo, na hayatatibiwa kwa kuendelea. Kama wimbo una jozi hiyo mahali pa wazi na haijalingana baada ya mazoezi ya kweli, usione haya kupanga upya vidole ili shahada na kidole cha pete ndivyo vifanye kazi, au kuipiga noti hiyo moja kwa piki iliyoinamishwa, nyepesi, karibu na shingo. Ikiwa sikio halioni pengo, hakuna sababu ya kukitesa kidole.